Pikipiki Haina Filta

Makhanu alikuwa na maneno matatu yaliyomaliza ubishi wowote kuhusu injini: pikipiki haina filta. Gari lina filta, lori lina filta, hata jenereta ya kanisa ina filta, lakini pikipiki, kwa Makhanu, haina. Unamwaga oili chafu, unatia safi, unaenda kutafuta unga. Alikuwa amekaa stejini Bondeni tangu boda boda zilipoanza kuzoeleka Nakuru, na mtu akikaa mahali muda mrefu hivyo, watu huanza kumwamini hata katika mambo asiyoyajua. Ndugu yake mdogo, Nicodemus, alimwamini. Joyline, mke wa Nicodemus, alimwamini pia kwa sababu mumewe alimwamini, na ndivyo ujinga unavyorithiwa katika familia nyingi, pamoja na masufuria.

Nicodemus alifariki mwaka jana. Aliacha mtoto mmoja, Nekoye, nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja, na pikipiki nyekundu aliyoipenda kiasi kwamba Joyline aliwahi kumwuliza kama angependa kuilaza kitandani. Matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo walisubiri mjane aiuze. Joyline hakuiuza. Alijifunza kuiendesha, akafunga kreti kwenye kiti cha nyuma, akaanza kwenda Bahati kuchukua mayai kwa wafugaji na kuyasambaza kwa vibanda vya Bondeni. Biashara ya mayai haitaki haraka. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na vijana wa steji walimcheka mpaka wakachoka.

Makhanu hakucheka. Yeye alisema hiyo pikipiki ni jasho la ndugu yake, na jasho la ndugu yake haliwezi kuachwa lifie mikononi mwa mtu asiyejua gia. Alisema hivyo mara nyingi, hasa mahali ambapo Joyline angesikia.

Kwa hiyo pikipiki ilipoanza kulia, ililia kwa wakati mbaya. Joyline alikuwa anapanda kuelekea Bahati asubuhi, kreti ikiwa tupu, akasikia juu ya injini sauti kama ya mtu anayetikisa mawe ndani ya mkebe. Injini ikawa moto kupita kawaida. Joto lilimfikia magotini. Akazima, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa hadi alama, na ilikuwa mpya, maana alikuwa ameimwaga ile ya zamani wiki hiyohiyo. Hakuiwasha tena. Aliigeuza, akashuka nayo mteremko injini ikiwa imezimwa, akasukuma palipokuwa tambarare, hadi akafika kwa Ephantus, fundi wa pale Bondeni. Alipofika jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na Makhanu alikuwa tayari amesimama mlangoni. Habari mbaya ina miguu mirefu kuliko pikipiki.

“Nilisema,” Makhanu akasema. “Si nilisema?”

“Habari ya asubuhi, shemeji,” Joyline akajibu.

Ephantus alikuwa mtu mnene wa maneno mengi, aliyehamia Nakuru baada ya maji ya ziwa kuingia karakana yake kule Kihoto, Naivasha, na kumwachia kambare ndani ya sanduku la spana. Hadithi ya kambare huyo kila mteja aliisikia. Lakini akisikiliza injini alinyamaza. Alifungua kifuniko kidogo cha tapeti, zile zinazofungua vali, juu ya kichwa cha injini, akapiga kiki, akaiacha iungurume kidogo huku ameinamisha jicho kwenye tundu, kisha akaizima upesi.

“Kumekauka kabisa,” akasema. “Hapa juu oili inafaa iruke inichafue uso. Haipandi. Iko chini imejaa, juu hakuna. Mathe, ungeendelea na ile mlima ungekuwa unaniletea chuma ya kuuza kwa kilo.”

“Ameiua,” Makhanu akasema. “Anaipanda mlima na gia ya juu, mwendo wa konokono. Injini inakabwa. Mimi nimechoka, fundi. Hii kitu niichukue leo, nitafute mtu ainunue kabla haijaisha.”

“Haijafa,” Ephantus akasema.

“Lakini inakufa. Na nani alikuwa anaiendesha?”

Joyline alikuwa na hasira za karibu. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu chumvi yake iko ulimini. Alisema kitu ambacho alikijutia kabla hakijamalizika kutoka.

“Fungua injini, fundi. Ikionekana ni mimi nimeiua, shemeji aichukue leo hii.”

“Na kama si wewe?” Ephantus akauliza.

Joyline akamwangalia Makhanu. Makhanu akainua mabega. “Kama si yeye, sitaigusa tena. Lakini ni nani mwingine? Shetani?”

Basi likawa limesemwa mbele ya shahidi. Joyline aliketi kwenye gurudumu kuukuu la gari na kuanza kufikiria wafugaji wa Bahati, na vibanda ambavyo vingekaa bila mayai, na karo ya Nekoye. Bila pikipiki hakuwa na biashara. Alikuwa na kreti tu. Kama angeweza kuurudisha mdomo wake nyuma, angeurudisha.

Ephantus alisukuma karai chini ya injini na kumwaga oili. Ilitoka nyeusi ingawa ilikuwa na siku chache tu. Kisha akachukua spana kubwa na kwenda kwenye nati pana iliyo chini ubavuni, ile ambayo watu wengi hudhani ni ya kumwagia oili tu. Ilipolegea, ilitoka na springi, na nyuma ya springi ikafuata kitu chenye umbo la kofia ndogo, kimesukwa kwa waya mwembamba.

“Hii ndiyo chujio,” akasema. “Pampu inavuta oili kupitia hapa.”

Makhanu akasogea. “Pikipiki haina filta.”

“Haina ile ya karatasi unayonunua dukani. Hii ni wavu. Haibadilishwi, inaoshwa. Na kuna nyingine ndani.”

“Mimi nimeendesha pikipiki tangu wewe uko Naivasha na samaki wako.”

“Basi umeendesha na hii chini ya mguu wako siku zote. Shika uone.”

Makhanu hakuishika. Joyline aliishika. Alijua chujio la chai lilivyo. Hili lilikuwa kama la mtu asiyeosha vyombo. Tundu chache tu zilipitisha mwanga. Sehemu nyingine ilikuwa imezibwa na utando mweusi, na ndani ya utando kulikuwa na nyuzi za sweta, zile sweta kuukuu za mitumba ambazo waendeshaji hutumia kufutia mikono, na vifuniko vya oili, na kila kitu. Na kati ya nyuzi kulikuwa na vipande vyekundu, laini, vinavyovutika. Alikifinya kimoja kwa kucha. Kikarudi umbo lake.

“Hii nyekundu ni nini?” akauliza, ingawa tayari kitu kilikuwa kimeanza kumsogelea akilini.

“Ngoja tufungue upande,” Ephantus akasema.

Alitoa kiki, akafungua bolti za kifuniko cha kulia moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya katoni jinsi zilivyotoka, maana hazina urefu sawa. Kifuniko kilikataa kutoka. Alikigonga kwa mpini wa nyundo mpaka kikaachia, kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Hapakuwa na gasketi. Ukingo wote ulikuwa umepakwa silikoni nyekundu, nene kama jemu aliyopaka mtoto mwenye tamaa. Ile iliyobanwa kwa ndani ilikuwa inaning'inia kamba kamba, na mahali pengine kamba zimekatika na hazipo: ndizo zilizoishia kwenye wavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakumaanisha tyubu nzima.

“Nani alifunga hii?” Ephantus akauliza.

Makhanu aliangalia barabarani.

“Mafundi wa siku hizi,” Makhanu akasema. “Wako wengi.”

Hapo Joyline akakumbuka vizuri. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nicodemus alikuwa amelazwa, na Makhanu alikuja uani na spana zake, akasema klachi ya pikipiki ya ndugu yake inateleza, akabadilisha pleti zake palepale chini. Joyline ndiye aliyemshikia bolti kwenye kibakuli. Alimpa chai, na Makhanu akakishika kikombe kwa vidole vyekundu. Ndiyo, vidole vilikuwa vyekundu mpaka kwenye viungo. Hakuna fundi mwingine aliyefungua injini hiyo baada ya siku ile.

Mtu huyu alikuwa amemtangaza steji nzima kuwa mwuaji wa injini, na kikulacho ki nguoni mwako, hata kama nguo yenyewe ni ya shemeji. Neno lilimfika kooni. Lakini akaliacha hapo, kwa sababu moja tu: injini yenyewe ilikuwa bado imelala wazi kama kuku aliyepasuliwa, na kama imeshaharibika, kushinda maneno kungemletea nini? Mayai hayabebwi na ushindi.

“Endelea, fundi,” akasema.

Ephantus alionyesha kwa bisibisi. Kando ya klachi, kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kulikuwa na kitu cha mviringo, chembamba, ukubwa wa mkebe wa rangi ya viatu, kimefungwa kwa skrubu tatu.

“Hii ndiyo nyingine. Angalieni skrubu. Bado ziko na alama ya kiwandani. Bisibisi haijawahi kuzigusa tangu pikipiki izaliwe.”

Skrubu zilikuwa ngumu, zikahitaji bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Ya tatu ilipotoka, Ephantus alibandua kifuniko na kukiinua ili wote waone. Ndani, kuzunguka ukuta wote, kulikuwa na matope ya kijivu yaliyokaukiana, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Katikati palikuwa pamebaki nafasi ndogo tu ya oili kupita.

“Mnajua ile mashine ya kutenganisha krimu, kule Keringet kwa watu wa maziwa?” akauliza. “Inazungushwa, kizito kinatupwa nje, chepesi kinabaki katikati. Hii ni hivyo hivyo. Krenki ikizunguka, hii inazunguka nayo. Oili inaingia katikati, uchafu mzito unarushwa ukutani unaganda huko, oili safi inaendelea kwa beringi ya koni, ule mkono wa pistoni. Wavu unashika vikubwa, hii inashika ile vumbi ndogo ambayo wavu haioni. Lakini ikijaa, haina pahali pa kuweka tena. Inaanza kurudisha.”

“Inajaa kwa muda gani?” Joyline akauliza.

“Si mwaka mmoja. Hii ni miaka, mathe. Hii ni tangu duka.” Aligeuka akamwangalia Makhanu bila ubaya wowote. “Huyu mama amekuta imejaa.”

Basi Nicodemus naye alikuwa hajawahi kuifungua, Nicodemus aliyeifuta pikipiki hadi spoki, aliyenunua oili kabla ya kununua sukari. Joyline alisikia uchungu, na uchungu huo ulimshangaza. Alikuwa amesubiri kusafishwa jina, na sasa lilikuwa limesafishwa, lakini kwa kumpaka matope marehemu. Alitamani Ephantus asilirudie jambo hilo kwa wateja, pamoja na samaki wake.

Ephantus alichota matope kwa kidole na kutoka nayo juani. Aliyapaka kwenye kiganja na kuyageuza huku na huku. Hapo Joyline alisimama, kwa sababu aliona uso wa fundi umebadilika ukawa wa kazi.

“Unatafuta nini?”

“Vipande vya chuma. Unga unaong'aa kidogo ni wa kawaida, gia zinasagana. Nikiona magamba, ujue beringi ya chini inaliwa, na hapo tunafungua injini yote.” Aliendelea kugeuza kiganja. Makhanu naye alisogea akainama, vichwa viwili juu ya kiganja kimoja. “Ni unga tu,” Ephantus akasema mwishowe. “Sioni magamba. Sasa tuombe kwamba huko juu pia kuko salama.”

Kuosha kulichukua muda, na Ephantus hakufanya haraka. Kwanza alisokota kipande cha kitambaa safi cha pamba akakiziba nacho kile kitundu cha katikati ya krenki. Uchafu ukiingia humo, alieleza, utakuwa umeupeleka mwenyewe kwenye beringi, afadhali usingefungua. Kisha akakwangua matope kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, akaosha kwa petroli na brashi mpaka ukuta ukaonekana wa fedha. Wavu aliuloweka, akausugua polepole, akaupuliza kwa pampu kutoka ndani kwenda nje, akauinua juani na kuukagua iwapo umetoboka. Haukutoboka. Aliukwangua ukingo wa kifuniko hadi silikoni yote ikaisha, na vipande vyekundu vikawa kirundo kidogo juu ya katoni, karibu na kiatu cha Makhanu.

Makhanu alikitazama kirundo hicho kwa muda mrefu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alivua koti, akachuchumaa, akachukua kitambaa na kuanza kufuta bolti.

“Si hiyo ya sweta,” Ephantus akamwambia. “Chukua ile ya pamba.”

Makhanu akabadilisha kitambaa. Kama angesemeshwa hivyo stejini, kungekuwa na vita.

Ephantus alitoa kile kitambaa kwenye krenki, akarudisha kifuniko cha mviringo na skrubu zake, akakibonyeza kwa kidole kimrija chenye springi kilicho ndani ya kifuniko kikubwa, ambacho ndicho kinachoingiza oili katikati ya filta. Kilizama na kurudi. Aliweka gasketi mpya ya karatasi, bila silikoni, akafunga bolti kwa kupishana ili kifuniko kisipinde. Wavu ukaingia, springi ikafuata, nati ikafungwa. Akatia oili mpya, akapima. Kisha akachomoa waya wa plagi na kumpa Makhanu kazi ya kupiga kiki kavu, ili pampu ivute kwanza.

Makhanu alipiga kiki mpaka akaanza kuhema. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha.

“Inatosha,” Ephantus akasema, akarudisha waya. “Mathe, pikipiki ni yako. Washa wewe.”

Joyline alipiga kiki mara moja. Injini ikaitika, na sauti ya mawe ilikuwa bado ipo. Ilikuwa ileile ya mlimani. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Ephantus aliinua mkono kumzuia asizime, jicho likiwa kwenye tundu la tapeti. Makhanu alikuwa ameinama upande wa pili, karibu kabisa. Mawe yaliendelea kutikiswa. Joyline alihesabu mayai kichwani, hakujua kwa nini.

Kisha Makhanu akarudi nyuma ghafla, akajipangusa shavu. Kwenye kidole chake kulikuwa na oili, safi, rangi ya asali.

“Imepanda,” akasema, kwa sauti ndogo.

Ilipanda, ikaendelea kupanda, na mawe yakaanza kupungua. Hayakwisha kabisa, ulibaki mlio mdogo, wa kitu kilichosagika kidogo wakati wa njaa ya oili. Ephantus alizima, akasema injini ikipoa atarekebisha tapeti, na kwamba hiyo alama haitafutika lakini injini itatembea miaka. Chujio lioshwe mara kwa mara oili inapobadilishwa, na filta ya kuzunguka ifunguliwe kila mwaka, maana kazi ya boda haina huruma.

“Na ile yako, mzee?” akamwuliza Makhanu, akiielekezea kidevu pikipiki iliyoegeshwa nje. “Uliwahi kuifungua?”

“Nitaileta,” Makhanu akasema. Ephantus akacheka, akaenda dukani kutafuta sabuni ya kuoshea mikono.

Wakabaki wawili. Joyline alikuwa na neno lake bado kooni, na sasa hapakuwa na sababu ya kulizuia. Injini ilikuwa hai. Steji nzima ilistahili kusikia. Akafungua mdomo.

“Peleka mayai yako, Mama Nekoye,” Makhanu akasema kabla yake. “Sitaigusa tena. Na stejini nitawaambia mwenyewe.” Alikuwa bado amechuchumaa mbele ya kirundo cha silikoni. “Hii ni yangu. Niliipaka mimi.”

“Najua.”

“Ilikuwa inavuja hapo chini. Na unajua vile Nicodemus alichukia pikipiki ikivuja. Nikasema niipake ya kutosha, akitoka hosi aikute kavu.” Akawa anafinya kipande chekundu kati ya vidole viwili.

Hasira ya Joyline ilitafuta mahali pa kusimama, ikakosa. Alikuwa amesahau kwamba mwanamume huyu naye alifiwa. Alichuchumaa kando yake.

“Ilikuwa kavu, shemeji,” akamwambia. “Tangu siku ile, haikuvuja hata tone.”